‘Bei njoo inboksi’: Jibu fupi linalopoteza wateja na kuzua maneno nyumbani

SAA nne usiku watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, na mama wa nyumba amejikunja kwenye kochi, simu mkononi. Mume anatazama taarifa ya habari, lakini sikio moja liko kwenye simu inayolia kila baada ya dakika mbili. Akiuliza ni nani, jibu ni lile lile la jana na la juzi: “Ni mteja, anauliza bei.”

Hali hiyo ni ya kawaida katika nyumba ambazo mmoja wa wazazi amejiajiri kwa ujuzi wake. Anaweza kuwa mpambaji wa maharusi, mpishi wa keki, mshonaji, mfasiri au mpigapicha wa sherehe. Hana fremu ya duka wala ofisi. Kazi zake anazitangaza kwenye ukurasa wa Instagram au Facebook, na mtu akizipenda huuliza hapo hapo chini ya picha, mbele ya watu wote: “Bei gani?”

Jibu limekuwa kama wimbo: “Njoo inboksi.”

Anayelitoa huona ameokoa muda na amelinda siri ya biashara. Ukweli ni kwamba jibu hilo humfukuza mteja wa kweli, humwachia nafasi tapeli na huujaza usiku wa familia maongezi yasiyozaa pesa. Dawa yake si kuanika kila kitu hadharani, wala si kuficha kila kitu. Ni kujua lipi lisemwe mbele za watu na lipi lisubiri faragha.

Kwa nini bei hufichwa

Anayeficha bei huwa na sababu, na nyingine zina uzito. Ya kwanza ni hofu ya washindani, kwamba mwenzake akiiona atashusha kidogo na kumnyang’anya mteja. Ya pili ni hofu ya kumtisha mteja kwa namba kubwa kabla hajaelezwa anachokipata. Ya tatu ni kwamba kazi hazifanani. Kupiga picha kipaimara cha mtoto mmoja Sinza si sawa na kupiga picha harusi ya watu 400 inayoanzia kanisani na kuishia ukumbini.

Ipo pia sababu ya nne ambayo wengi hawaitaji: heshima ya mteja. Familia inayoandaa sendofu ya binti haipendi jirani, shemeji na wajumbe wa kamati wasome hadharani imelipa kiasi gani au imeomba kupunguziwa shilingi ngapi.

Ukizitazama sababu hizo, mbili za kwanza hazina nguvu. Mshindani anayetaka kuijua bei anaweza kujifanya mteja na kuipata inboksi kwa dakika tano. Na mteja ambaye uwezo wake haufiki ataondoka vilevile baada ya kuisikia bei faragha, ila atakuwa amechukua nusu saa ya usiku wako. Sababu mbili za mwisho ndizo za kweli. Lakini hizo zinadai bei kamili ya mteja mmoja iwe siri. Hazizuii bei ya kuanzia kujulikana.

Mteja anapotelea wapi

Mwanamke anayetafuta mpigapicha kwa ajili ya sendofu ya mdogo wake haulizi ukurasa mmoja. Anauliza minne au mitano kwa mkupuo mmoja, akiwa ndani ya daladala au wakati wa mapumziko kazini. Kurasa tatu zikimjibu “njoo inboksi” na moja ikampa namba, mazungumzo yanaanza na huyo mmoja. Wengine watatu hawajashindwa kwa ubora wala kwa bei. Wameshindwa kwa kumwongezea mtu hatua.

Wapo pia wanaolisoma jibu hilo kwa namna nyingine kabisa. Wanaelewa kwamba bei ni kubwa mno kiasi cha kutotajika, au kwamba muuzaji anataka kwanza atazame ukurasa wa mteja, aone nguo na gari, ndipo akadirie atoze ngapi.

Hata anayekubali kwenda inboksi anaweza asionekane. Instagram na Facebook huweza kuuweka ujumbe wa mtu usiyefahamiana naye kando, kwenye sehemu ya maombi ya ujumbe. Usipoifungua sehemu hiyo hujui kuwa umeandikiwa. Mteja anaona amepuuzwa, mwenye kazi anaona mteja hakuwa na nia, na kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa kosa ambalo hakulifanya. Kwa hiyo anayewaita watu inboksi anapaswa kuifungua sehemu hiyo kila siku, na yeye akimwandikia mteja kwanza, amwambie hadharani kwamba ujumbe umetumwa ili autafute.

Namba ya kuanzia inapatikanaje

Watu wengi hujificha nyuma ya “njoo inboksi” kwa sababu hawajawahi kuikaa chini hesabu yao. Wanapima bei kwa hisia, na hisia hubadilika kulingana na mteja na kodi ya nyumba inavyokaribia. Asiyeijua bei yake ya chini hawezi kuitaja mbele za watu.

Chukua mfano wa mpigapicha wa sherehe anayeishi Tabata, mama wa watoto wawili. Amekubaliana na mumewe kwamba mchango wake nyumbani ni Sh800,000 kwa mwezi, ikiwamo ada. Kamera na lenzi zake zina thamani ya Sh3,600,000, na anajua baada ya miaka mitatu atahitaji nyingine. Akigawanya kwa miezi 36 anapaswa kuweka kando Sh100,000 kila mwezi. Bando, umeme na diski ya kuhifadhia picha vinachukua Sh70,000. Hapo mwezi mmoja unamdai Sh970,000.

Sherehe nyingi hufanyika Jumamosi, na kwa kawaida anapata kazi nne kwa mwezi. Sh970,000 ukizigawa kwa nne, kila kazi inapaswa kubeba Sh242,500. Juu yake kuna gharama za siku yenyewe: msaidizi wa kushika taa Sh50,000 na usafiri wa kwenda na kurudi usiku Sh30,000. Jumla inafika Sh322,500.

Hiyo ndiyo sakafu yake. Chini ya hapo hafanyi biashara, anaifadhili sherehe ya watu kwa ada ya wanawe. Bei ya kuanzia anayoitaja hadharani inakaa juu kidogo ya sakafu, tuseme Sh350,000, ili kazi ikichelewa kwa saa moja au taa ikiungua asiumie.

Hesabu hiyo inamsaidia pia kumjibu anayesema “saa sita tu, mbona ghali?” Saa sita ni za ukumbini. Baada yake kuna siku mbili za kupitia mamia ya picha, kutupa zenye macho yaliyofumba na kusafisha zinazobaki. Mteja haoni siku hizo, hivyo asipoambiwa hawezi kuzihesabu.

Jibu lenyewe linavyoandikwa

Akishakuwa na namba, jibu la hadharani linahitaji mambo manne tu: bei inaanzia wapi, bei hiyo inanunua nini, kitu gani kinaipandisha, na mazungumzo yanaendelea wapi. Mpigapicha wa Tabata anaweza kuandika hivi:

“Habari dada, karibu sana na hongereni kwa sherehe. Sendofu ndani ya Dar es Salaam inaanzia Sh350,000. Ni saa sita za kazi na picha 150 zilizosafishwa, unazipata ndani ya siku 14. Bei huongezeka ukitaka albamu, video, au ukumbi ukiwa nje ya jiji. Nimekuandikia ujumbe sasa hivi kutoka ukurasa huu huu. Nijibu huko tarehe na ukumbi, nikupe bei kamili.”

Neno “inaanzia” linabeba uzito. Linamwambia mteja kwamba namba hiyo si ya mwisho, na sentensi inayofuata inamwonyesha kwa nini inaweza kupanda. Bila sentensi hiyo mteja atakuja inboksi ameshika Sh350,000 mkononi, na akiambiwa 500,000 ataona amevutwa kwa chambo.

Jibu hilo pia halimsaidii muulizaji peke yake. Wanaopita kimya kimya bila kuuliza nao wanalisoma. Mwenye Sh100,000 anajua atafute kwingine, na mwenye uwezo anakuja akiwa amekwisha kuamua nusu ya safari. Maswali ya usiku yanapungua kwa sababu lile la kwanza limekwisha kujibiwa.

Zipo kazi ambazo kwa kweli haziwezi kutajwa bei kabla ya kuonekana. Mfasiri hawezi kujua ugumu wa hati ambayo hajaisoma, wala mshonaji hawezi kujua gauni litakula kitambaa kiasi gani kabla ya kupima. Hata hapo jibu lisiwe tupu. Mfasiri ataje bei ya ukurasa mmoja na maneno mangapi yanahesabiwa kuwa ukurasa. Mshonaji ataje ufundi wa gauni la kawaida bila kitambaa, kisha aseme kwamba nakshi na shanga huhesabiwa peke yake.

Kinachobaki faragha

Baada ya hapo ndipo inboksi inapokuwa na kazi yake halali. Tarehe ya sherehe, jina la ukumbi, namba za simu, majina ya maharusi na kiasi kilichotengwa na kamati si mambo ya kuandikwa chini ya picha. Anayeandika hadharani kwamba familia yote itakuwa Kibaha Jumamosi kuanzia saa 12 jioni amewatangazia wezi kwamba nyumba itakuwa tupu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na anayekusanya taarifa za wateja wake kwa ajili ya kazi anapaswa kuzichukulia kwa uzito huo.

Turudi Tabata. Dada yule anajibu kwamba sendofu ni ya Jumamosi, ukumbi uko Kibaha, kuanzia saa 12 jioni hadi saa sita usiku, na wanataka albamu. Mpigapicha anampa hesabu iliyogawanywa: kazi Sh350,000, nauli ya ziada ya Kibaha Sh60,000, na albamu Sh120,000, ambazo zote zinakwenda kwa mchapaji. Jumla ni Sh530,000.

Dada anasema kamati imetenga Sh450,000, na anaomba afanyiwe hiyo hiyo kwa kuwa ni familia moja na kanisa moja. Hapa ndipo wengi huanguka. Kwa huruma na kwa kuogopa Jumamosi tupu, mtu anakubali. Lakini ukitoa Sh120,000 za mchapaji na Sh60,000 za nauli, zinabaki Sh270,000, wakati sakafu yake ni Sh322,500. Amepoteza Sh52,500 kabla hajatoka nyumbani.

Njia salama ni kupunguza kazi badala ya bei. Mpigapicha anamwambia kwamba bila albamu gharama ni Sh410,000, ambayo iko ndani ya kiasi cha kamati, na albamu wanaweza kuiagiza hata baada ya miezi miwili kwa sababu picha zitakuwa zimehifadhiwa. Mteja hakukataliwa, na sakafu haikuvunjwa.

Kanuni hiyo inamlinda pia dhidi ya hatari nyingine. Ujumbe wa faragha hupigwa picha na kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati nyingine. Wateja wawili wakigundua walitozwa tofauti kwa kazi ile ile, hakuna maelezo yatakayosikilizwa. Lakini kama tofauti iko kwenye albamu au umbali, kila namba inajieleza.

Mwisho wa mazungumzo, makubaliano yote yaandikwe kwenye ujumbe mmoja: tarehe, ukumbi, saa, idadi ya picha, siku ya kukabidhi, jumla ya Sh410,000, malipo ya awali Sh205,000 na salio siku ya sherehe kabla kazi haijaanza. Iandikwe pia kwamba tarehe haijashikwa mpaka malipo ya awali yaingie, na kwamba bei hiyo inasubiri hadi siku fulani. Anayeuliza mara nyingi ni mjumbe tu. Uamuzi uko kwa kamati, na kamati inaweza kukaa kikao wiki tatu huku wewe umekataa kazi nyingine.

Tapeli anayesubiri jirani

Jibu tupu la “njoo inboksi” lina mlango mwingine wa hatari. Tapeli hupita chini ya picha za watu, akiona mteja ameuliza bei na kuambiwa aende faragha, naye anafungua ukurasa wenye jina linalokaribiana na la mwenye kazi, labda limeongezwa nukta au herufi moja, na picha ile ile. Kisha anamwandikia mteja kabla ya mwenyewe. Mteja alikuwa anasubiri ujumbe, umekuja, na bei ni nzuri kuliko alivyotarajia. Anatuma malipo ya awali, na Jumamosi hakuna mpigapicha ukumbini.

Ndiyo maana jibu la hadharani linasema “kutoka ukurasa huu huu” na linataja bei ya kuanzia. Mteja aliyekwisha kuona Sh350,000 atashtuka anapoandikiwa na mtu anayetaka Sh150,000 leo hii ili kuwahi ofa.

Kwa upande wa mteja, dalili ziko wazi akizitafuta. Auguse jina la aliyemwandikia, aone kama ukurasa una kazi za muda mrefu au picha chache zilizowekwa wiki hii. Aombe kupigiwa kwa namba iliyoandikwa kwenye ukurasa wa awali. Na wakati wa kulipa kwa simu, kabla ya kuweka namba ya siri, asome jina la mpokeaji. Likiwa si la mtu au biashara aliyokubaliana nayo, aache. Anayeharakisha malipo huku akikataa kupigiwa simu amekwisha kujitambulisha.

Simu ikilia saa nne

Na yule mume aliyeko mbele ya televisheni? Wivu wake haukuanzia kwenye picha. Ulianzia kwenye neno inboksi, neno ambalo mtaani lina maana nyingi, na kwenye maongezi ya usiku ambayo hayaoni mwisho wala matunda yake. Wanawake wanaofanya kazi hizi wanajua pia kwamba wapo wanaume wanaoulizia bei ya kazi wakiwa hawana sherehe yoyote. “Njoo inboksi” kwao ni mwaliko.

Jibu lenye namba linawachuja. Anayekuja faragha anakuja na tarehe na ukumbi, na asiye navyo anaombwa hivyo kwanza kabla ya salamu ya tatu. Ujumbe wa mwongozo unaweza kuandikwa mara moja na kuhifadhiwa, na yeyote asiyejibu maswali hayo mawili haendelezwi.

Kinachobaki ni makubaliano ya ndani ya nyumba. Laini ya kazi itengwe na laini ya familia, na saa za kujibu wateja ziandikwe kwenye ukurasa, mfano saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Ujumbe wa saa nne usiku usubiri asubuhi. Mteja aliyekwisha kuijua bei ya kuanzia anaweza kusubiri, kwa sababu jambo lililomfanya akose usingizi limekwisha kujibiwa.

Daftari la kazi nalo liwe mahali ambapo wote wawili wanaweza kulifungua: tarehe, jina la mteja, malipo ya awali, salio. Mume akiona kwamba Jumamosi ya Kibaha imeingiza Sh205,000 na nyingine kama hizo zinakuja, hataihesabu tena milio ya simu. Huenda hata akauliza nani atabaki na watoto siku hiyo.